Tatua kwanza au jaribu machaguo? Njia mbili za kuhakiki maduara kwenye mstari wa namba

Swali la aina hii huja na sura ileile kila mara. Juu kuna sentensi ya kutolingana, yaani sentensi ya hesabu yenye mojawapo ya alama <, >, ≤ au ≥, na chini yake kuna mistari minne ya namba iliyopewa herufi A hadi D. Ukiitazama mistari hiyo kwa makini utaona kwamba inatofautiana kwa mambo matatu tu: duara limewekwa juu ya namba gani, duara hilo ni tupu au limejazwa wino, na mstari mzito umeelekea kushoto au kulia. Duara lililojazwa linasema kwamba namba iliyo chini yake ni sehemu ya jibu, na duara tupu linasema kwamba jibu linaanzia jirani kabisa na namba hiyo lakini namba yenyewe haimo.

Jambo ambalo wanafunzi wangu wa darasa la jioni huchelewa kulikubali ni kwamba mtahini hachori machaguo kwa kubahatisha. Kila chaguo lisilo sahihi ni jibu la mtu aliyefanya kosa fulani linalojulikana, kwa hiyo ukikosea utalikuta kosa lako limekwisha kuchapishwa vizuri na kusubiri kalamu yako. Kuliona jibu lako miongoni mwa manne hakuthibitishi chochote. Ndiyo maana inafaa kulinganisha njia mbili zinazotumika, yaani kutatua kwanza kisha kutafuta mchoro, au kuyachukua machaguo yenyewe na kuyapima moja baada ya jingine, ili mtu ajue ipi aitumie wapi.

Tuchukue swali moja na tulifanye kwa njia zote mbili.

```
-3x + 4 ≤ 10

A   ---+---+---●===+===+===+===+===+===+==>
B   <==+===+===●---+---+---+---+---+---+---
C   ---+---+---○===+===+===+===+===+===+==>
D   <==+===+===+===+===+===+===●---+---+---
      -4  -3  -2  -1   0   1   2   3   4
```

Anayetatua kwanza anaondoa 4 pande zote mbili na kupata -3x ≤ 6. Kisha anagawanya kwa -3, na hapo alama inageuka, kwa hiyo anapata x ≥ -2. Anatafuta duara lililojazwa juu ya hasi mbili lenye mshale wa kulia, naye analikuta katika A. Hatua ni mbili tu, na kwa mwenye mkono mwepesi kazi yote haifiki nusu dakika.

Sasa tazama ni wapi njia hii inapoteza watu. Aliyesahau kugeuza alama anapata x ≤ -2, na B ipo kwa ajili yake. Aliyedondosha alama ya hasi iliyo mbele ya 3 anafanya 3x ≤ 6, anapata x ≤ 2, na D imemsubiri. Aliyefanya kila kitu sawa lakini, katika kuandika upya sentensi mara tatu, akausahau ule mstari mdogo ulio chini ya alama, anapata x > -2, na C ni yake. Wote hao watatu wamelikuta jibu lao limechapishwa, na hakuna hata mmoja aliyepata dalili kwamba mambo yameharibika. Huo ndio udhaifu mkubwa wa kutatua kwanza: njia hii haina kengele yake yenyewe. Ukirudia hesabu kwa njia ileile, mara nyingi unarudia na kosa lilelile.

Kugeuza alama ndiko kunakoongoza kwa makosa, na sababu yake ni kwamba wengi wamekariri kanuni bila kuona inatoka wapi. Namba 2 ni ndogo kuliko 5. Zizidishe zote mbili kwa hasi moja, upate hasi mbili na hasi tano, na sasa hasi mbili ndiyo kubwa, kwa sababu kwenye mstari wa namba iko kulia ya hasi tano. Kuzidisha au kugawanya kwa namba hasi kunaugeuza mstari mzima kama mtu anayegeuza kanga upande wa pili, na aliyekuwa kushoto anajikuta kulia. Kujumlisha na kutoa hakugeuzi kitu, kwa kuwa mstari wote unasogea pamoja. Nimewaona wanafunzi wakigeuza alama kwa sababu tu wameondoa namba, au kwa sababu jibu la upande wa kulia ni hasi, mambo ambayo hayahusiani kabisa na kugeuza.

Njia ya pili haianzi na sentensi bali inaanza na machaguo. Kila chaguo linaulizwa maswali matatu, na majibu yote yanatafutwa katika sentensi ya mwanzo, ile iliyochapishwa, wala si katika mstari wowote ulioandika wewe kwenye karatasi ya kufanyia kazi. Swali la kwanza: ukiiweka namba iliyo chini ya duara mahali pa x, je, pande mbili zinatoka sawasawa? Zisipolingana, duara limewekwa pasipo mahali pake, liwe tupu au limejazwa. Swali la pili: alama ya sentensi inakubali usawa huo au inaukataa? Ikiwa ni ≤ au ≥ inakubali, na duara lazima lijazwe. Ikiwa ni < au > inakataa, na duara lazima liwe tupu. Swali la tatu: ukichukua namba nyingine mbali na duara na kuiweka mahali pa x, je, sentensi ni kweli? Ikiwa ni kweli, mstari mzito lazima uifunike namba hiyo. Ikiwa si kweli, lazima uiache wazi.

Kwa swali letu, namba ya kujaribu nimechagua 3, kwa sababu A na C zinaifunika huku B na D zikiiacha, yaani inayatenganisha machaguo. Hesabu ni -3(3) + 4, ambayo ni hasi tano, na hasi tano ni pungufu ya 10, kwa hiyo sentensi ni kweli na 3 lazima ifunikwe.

| Chaguo | Namba ya duara ikiwekwa | Duara | Je, 3 imefunikwa? |
|---|---|---|---|
| A | -3(-2) + 4 = 10, pande zinalingana | limejazwa, na ≤ inakubali usawa | ndiyo |
| B | 10, pande zinalingana | limejazwa, sawa | hapana, linaanguka |
| C | 10, pande zinalingana | tupu, linaanguka | ndiyo |
| D | -3(2) + 4 = -2, hailingani na 10, linaanguka | halina haja ya kutazamwa | hapana |

Jedwali linaonekana refu kuliko kazi yenyewe. Kwa kweli hesabu zilizofanyika ni tatu: hasi mbili ikiwekwa, mbili ikiwekwa, na tatu ikiwekwa. Hakuna mahali popote tulipogawanya kwa hasi, hivyo hakuna alama iliyogeuzwa, na lile kosa linaloongoza halikupewa nafasi ya kuingia.

Watu wengi huweka 0 kama namba ya majaribio kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Nami sina ugomvi na 0, ila hapa haitoshi. Ukiiweka, unapata 4 ≤ 10, ambayo ni kweli, na B inaanguka; lakini D nayo inaifunika 0, kwa hiyo inabaki. Aliyepima mwelekeo tu bila kupima namba ya duara atabaki na A, C na D mkononi, na hapo ndipo mtu anapoanza kukisia. Kabla ya kuchagua namba ya majaribio, tazama kwanza machaguo yanagombana wapi, kisha ichukue namba ya hapo. Na kamwe usichukue namba iliyo chini ya duara kwa ajili ya kupima mwelekeo, kwa sababu yenyewe haina upande.

Swali likigeuzwa, mambo yanabadilika kabisa. Kuna maswali ambayo mchoro mmoja umetolewa juu, na machaguo manne ni sentensi. Tuseme mchoro una duara tupu juu ya 1 na mstari mzito unakwenda kushoto, na machaguo ni haya:

```
A   2x + 3 ≤ 5
B   2x + 3 < 5
C   5 - 2x < 3
D   -2x > 2
```

Anayetatua kwanza hapa ana sentensi nne za kutatua, na mbili kati yake zina hasi mbele ya x. Anayejaribu anaweka 1 katika kila sentensi. Katika A anapata 5 ≤ 5, na kwa kuwa alama inakubali usawa, mchoro wake ungekuwa na duara lililojazwa, kwa hiyo A inatoka. Katika B anapata 5 na 5 tena, lakini alama inakataa usawa, basi duara ni tupu na B inabaki. Katika C anapata 3 na 3, alama inakataa, nayo inabaki. Katika D anapata hasi mbili upande mmoja na 2 upande wa pili, hazilingani, kwa hiyo duara la D haliko juu ya 1 hata kidogo. Zimebaki B na C. Mchoro unaifunika 0, basi weka 0: B inasema 3 < 5, ambayo ni kweli, na C inasema 5 < 3, ambayo si kweli. Jibu ni B. Kwa maswali ya sura hii sioni sababu ya kutatua chochote. Kujaribu kunashinda kwa mbali, kwa kasi na kwa usalama.

Swali lenye ncha mbili linahitaji uangalifu zaidi, hasa pale ambapo namba za ncha ni pacha, moja hasi na nyingine chanya. Chukua -4 < 2x + 2 ≤ 8. Ukiondoa 2 kila mahali kisha ukagawanya kwa 2, unapata -3 < x ≤ 3. Hapa kutatua ni kwepesi, kwa kuwa hakuna hasi ya kugawanyia, na mimi mwenyewe ningetatua bila kusita. Kosa halitokei kwenye hesabu bali kwenye macho. Machaguo yatakuwa na mstari uleule kati ya hasi tatu na tatu, na tofauti yote iko kwenye maduara: tupu kushoto na lililojazwa kulia, au kinyume chake, au yote matupu, au yote yamejazwa. Hapo sharti kila ncha ihakikiwe peke yake. Weka hasi tatu: katikati unapata hasi nne, na sentensi inadai kwamba hasi nne ni pungufu ya hasi nne, ambalo si kweli, kwa hiyo duara la kushoto ni tupu. Weka tatu: katikati unapata 8, na 8 ≤ 8 ni kweli, kwa hiyo duara la kulia limejazwa. Ninawaambia wanafunzi waandike neno moja chini ya kila ncha, "imo" au "haimo", kabla hata ya kuinua macho kuyatazama machaguo, kwa maana ukiyatazama machaguo kwanza, macho hukubali lile linalofanana zaidi na matarajio.

Katika swali la ncha mbili, namba moja ya majaribio haitoshi kila mara. Ncha mbili zinaugawa mstari katika vipande vitatu, na kama machaguo yana michoro inayofunika katikati pamoja na mingine inayofunika pembeni, pima namba moja ya katikati na moja ya pembeni. Kwa sentensi yenye ncha moja, mstari una vipande viwili tu, na ukijua hali ya kipande kimoja umejua ya vyote viwili.

Kuna njia ya mkato ambayo siipendi, nayo imeenea. Wanafunzi hufundishana kwamba alama yenyewe ni mshale: ikiwa ni > basi mstari unakwenda kulia, ikiwa ni < unakwenda kushoto. Hilo ni kweli iwapo tu sentensi imekwisha kutatuliwa na x iko upande wa kushoto. Sentensi 3 > x ina alama inayoelekea kulia, lakini inasema x ni ndogo kuliko 3, na mchoro wake unakwenda kushoto. Mtahini analijua hilo vizuri sana, na ndiyo sababu mara nyingine huiweka x kulia bila sababu nyingine yoyote. Anayeweka namba hadanganyiki: 0 ikiwekwa inatoa 3 > 0, ambayo ni kweli, na 0 iko kushoto ya 3.

Darasa langu ni la watu wazima wanaojiandaa na mtihani wa GED huko Marekani, unaotoa cheti kinacholingana na cha kumaliza sekondari, na wengi wao walisoma Kongo au Burundi kwa Kifaransa. Kwao shida si hesabu. Katika shule zinazofundisha kwa Kifaransa, mara nyingi ncha haichorwi kwa duara bali kwa mabano ya mraba: bano likiikumbatia sehemu ya jibu, namba ya ncha imo, likiipa mgongo, haimo. Isitoshe, wengi walizoea kuchora mistari ya mshazari juu ya sehemu isiyotakiwa, ili jibu libaki safi. Mama mmoja aliyesomea Uvira alinipa karatasi yenye maswali sita, na yote sita alikuwa amechagua mchoro wenye duara sahihi kabisa na mwelekeo wa kinyume. Nilidhani hajui kugeuza alama. Nilipomwomba anieleze, aliweka kidole juu ya mstari mzito akasema, "Mwalimu, hapa si ndipo pamefutwa?" Alikuwa ametatua maswali yote sita bila kosa.

Mkenya aliyefika kidato cha nne anaweza kukutwa na jambo linalokaribiana na hilo, kwa kuwa katika michoro ya maeneo yenye x na y shuleni kwao hutiwa kivuli eneo lisilotakiwa. Kwenye mstari wa namba wa mtihani huu, wino mzito ni jibu. Kwa mtu mwenye mazoea hayo, kujaribu machaguo kuna faida ya pekee, kwa sababu swali la tatu linamlazimisha aseme kwa maneno: namba hii ni kweli, basi lazima iwe chini ya wino.

Maneno nayo huamua duara. Mzigo usiozidi kilo 23 unakubali kilo 23 kamili, kwa hiyo duara limejazwa. Mzigo wa chini ya kilo 23 unaikataa, na duara ni tupu. Njia ya kuhakiki ni ileile: chukua 23 yenyewe na uulize kama mwenye mzigo huo angeruhusiwa kupita.

Kujaribu nako kuna mipaka yake. Duara likiwa kati ya alama mbili za mstari, kwa mfano 2x > 5 ambapo ncha ni 2.5, ni rahisi kulisoma vibaya duara kwenye mchoro na kuweka 2 au 3. Vilevile, alama za mstari si lazima zipishane kwa moja. Pengine zinapishana kwa mbili au kwa tano, na asiyesoma namba zilizoandikwa chini atahesabu vijiti na kukosea. Katika hali hizo tafuta ncha kwa hesabu kwanza, kisha ndipo uitazame michoro. Kwenye fotokopi kuna tatizo jingine tena: niliwahi kugawa karatasi ambazo wino ulikuwa umejaa ndani ya maduara matupu, na nusu ya darasa wakakosa swali ambalo walikuwa wamelipata. Tangu siku hiyo nalinganisha kwanza duara na duara katika ukurasa wote kabla ya kugawa.

Anayetumia kikokotoo cha TI-30XS, ambacho wanafunzi wengi wa GED wamekizoea, ajue kwamba kitufe cha hasi kimeandikwa (−) na si kile cha kutoa. Ukiianza hesabu kwa kitufe cha kutoa, kikokotoo kinachukua jibu lililotangulia na kulipunguza, na unaweza kulikataa chaguo sahihi kwa sababu ya kidole tu. Namba hasi iwekwe ndani ya mabano kila inapochukua nafasi ya x.

Ninachofundisha mwishowe kimechanganya njia zote mbili. Palipo na sentensi moja na michoro minne, ichukue alama kana kwamba ni = na utatue mlinganyo: -3x + 4 = 10 inatoa hasi mbili, na hapo machaguo yote yasiyo na duara juu ya hasi mbili yanafutwa mara moja. Duara unalisoma moja kwa moja kutoka kwenye alama iliyochapishwa, kwa kuangalia kama ina mstari chini yake au haina. Mwelekeo unaupata kwa namba moja ya majaribio. Palipo na mchoro mmoja na sentensi nne, usitatue. Weka namba ya duara katika zote nne, halafu namba moja iliyo chini ya wino katika zile zilizobaki. Na pale ambapo namba iliyo mbele ya x ni chanya na x iko kushoto, tatua tu kwa kawaida, kisha irudishe namba ya ncha katika sentensi ya mwanzo kabla ya kuweka alama kwenye herufi.